Jumatano Saa Saba Usiku: Uchambuzi wa Ratiba Moja ya Wageni

Aghalabu kurasa hizi hupokea uhakiki wa kamusi, wa vitabu vya kiada na wa orodha za istilahi. Safari hii nimechagua kuhakiki waraka wa ukurasa mmoja, ambao haukuchapishwa popote na ambao watu wapatao kumi na watano tu waliusoma. Ni ratiba waliyopelekewa wageni sita kutoka Burundi, walimu na watumishi wa serikali, waliokuja Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 2024 kwa ziara ya siku tatu. Ofisi iliyouandika sitaitaja. Yatosha kusema kwamba aliyepewa rasimu yake ili aipitishe kwa upande wa lugha ni mimi mwandishi wa makala haya, na kwamba niliipitisha bila kubadilisha hata neno moja.

Waraka wenyewe, baada ya salamu na maneno ya ukaribisho, ulisema hivi:

UJUMBE KUTOKA BURUNDI (WATU 6)
Jumatano 9/10: Ujumbe kuwasili uwanja wa ndege saa 7:10 usiku. Chai saa 4:00. Mazungumzo saa 5:00.
Alhamisi 10/10: Safari ya Morogoro saa 4. Kutembelea chuo. Mapumziko ya chakula saa 1.
Ijumaa 11/10: Majumuisho. Kuondoka saa 14:00.
Mhusika: (hapa palikuwa na jina la mkuu wa idara, pamoja na namba yake ya simu).

Msomaji akiutazama kwa haraka ataona kama nilivyoona mimi, kwamba Kiswahili chake ni safi. Hakuna neno lisilo na asili, tahajia ni sahihi, upatanisho wa sarufi haukuvunjwa. Hata hivyo wageni hao walitua usiku wa manane wasimkute mtu, wakakaa kwenye viti vya uwanja wa ndege mpaka kulipopambazuka. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye hula kwa saa maalumu kwa amri ya daktari, na mle ndani hakupata ila biskuti alizogawiwa na abiria mwenzake. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mtu alifanya kama alivyosoma. Basi kosa hatuna budi kulitafuta katika maneno.

Tuanze na mstari wa kwanza. Tiketi ya ndege ilionyesha kutua saa 01:10, tarehe 9 Oktoba, siku ya Jumatano. Mfasiri wa rasimu alijua kazi yake. Hakuandika «saa 1:10 usiku», kosa ambalo wengi hulifanya; aliongeza sita, akapata saa saba na dakika kumi usiku. Hesabu hiyo haina dosari. Lakini alipobadilisha saa aliiacha siku ilivyokuwa, na hapo ndipo penye shimo.

Saa za tiketi huanza siku mpya katikati ya usiku. Kwa hesabu hiyo dakika ya kwanza baada ya saa sita usiku wa Jumanne ni Jumatano tayari. Msemaji wa Kiswahili hahesabu hivyo. Saa zake hufuata jua: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya kuchwa. Usiku kwake ni kitu kimoja kisichokatwa katikati. Ukimwambia «Jumatano saa saba usiku», ataingoja Jumatano iche, iende mpaka ijioneshe jua la magharibi, kisha ahesabu saa saba za giza. Kwa tiketi hiyo ni Alhamisi, saa 01:10. Na wako wazee wa pwani ambao bado huifuata hesabu ya zamani, isemayo kuwa siku huanza kwa machweo na usiku hutangulia mchana wake. Hao ukiwatajia usiku wa Jumatano hufahamu usiku unaotangulia mchana wa Jumatano. Kwa hiyo maneno yale manne yana nyakati mbili zinazopishana kwa muda wa saa ishirini na nne kamili, na zote mbili ni Kiswahili sahihi.

Dereva alikuwa mtu wa hesabu ya kwanza, kama walivyo wengi wetu leo. Usiku wa Jumanne alilala nyumbani kwake kwa amani, maana gari lilitakiwa Jumatano usiku. Yamkini msomaji atauliza: je, hakuona kwamba chai ya saa nne na mazungumzo ya saa tano yameandikwa baada ya kuwasili, katika siku ile ile? Hakuona kwa sababu hakuletewa ratiba. Aliletewa hati ya kuombea gari, ambamo karani alinakili mstari mmoja tu unaomhusu. Ndivyo ofisi zinavyofanya kazi. Ratiba huandikwa ikiwa ukurasa mzima, lakini hutumika ikiwa vipande: mpishi hupewa mstari wake, mlinzi wa lango wake, dereva wake. Maana iliyotegemea mstari wa juu au wa chini hupotea mkasi unapopita.

Dawa ya kosa hili haikuhitaji istilahi mpya. Lugha inayo tayari, na watangazaji wetu wa redio huitumia kila siku: usiku wa kuamkia Jumatano. Neno «kuamkia» linaufunga usiku kwa asubuhi inayoufuata, na halina maana ya pili. Lau ningaliandika «usiku wa kuamkia Jumatano», wageni wangalipokelewa. Nilikuwa nalo kinywani, nisiliweke kwenye karatasi.

Neno la pili ni «ujumbe» lenyewe. Kamusi zetu hulipa maana mbili: habari inayopelekwa, na kundi la watu waliotumwa. Maana hizi ni ndugu, kwa sababu mjumbe ndiye anayechukua habari; lakini ndugu hawa wakikaa chumba kimoja hugombana. Alfajiri ile mmoja wa wenyeji, kwa kuingiwa na wasiwasi, alipiga simu kwenye nyumba ya wageni. Baadaye mlinzi wa zamu alinisimulia mazungumzo yao.

«Shikamoo, mzee. Ujumbe wa kutoka Burundi umeshafika?»

«Marahaba, mwanangu. Umefika tangu juzi. Upo hapa mezani, nimeufunika na daftari la wageni.»

Mwenyeji alishukuru, akarudi kulala. Mzee hakusema uongo, kwani karatasi ya ratiba ilikuwa mezani kweli. Sarufi yetu ndiyo iliyowaficha wale watu sita, kwa sababu «ujumbe» hupatanishwa kwa u-, sawa na ukuta na ufagio. Laiti waraka ungalisema «wajumbe» au «wageni», kiambishi wa- kingalilazimisha jibu juu ya watu: «Wameshafika?» «Bado, hawajafika.» Silitaki neno «ujumbe» lifukuzwe katika lugha ya mikutano, katika hotuba na taarifa ya habari halina madhara. Ninachosema ni kwamba katika ratiba, ambamo karatasi na watu husafiri kwa njia mbili tofauti, tuandike «wajumbe» kila tunapokusudia watu.

Sasa tuje kwenye mistari ya Alhamisi. «Safari ya Morogoro saa 4» na «Mapumziko ya chakula saa 1». Aliyeandika rasimu alikusudia muda: safari ya barabarani huchukua kiasi cha saa nne, na mapumziko ni ya saa moja. Waliosoma waliona wakati. Dereva alifika saa nne za asubuhi, ilhali wageni walikuwa wamesimama barazani na mikoba yao tangu saa moja. Kule chuoni nako, mpishi alisoma kwamba chakula ni saa moja, akatambua kuwa ni saa moja ya usiku, akapanga kuinjika wali baada ya alasiri. Wageni walipoingia Morogoro saa nane mchana hawakukuta jiko lililowaka. Yule mzee wa kisukari, aliyekwisha kukosa mlo mmoja, alikosa na wa pili.

Tatizo hapa ni la neno «saa», linalobeba mizigo mitatu: chombo cha mkononi, kipimo cha muda, na nukta ya wakati. Wako wanaopendekeza kuitenga maana ya muda kwa kusema «masaa», hivyo «masaa manne» iwe muda na «saa nne» iwe wakati. Pendekezo hilo lina mvuto, na mitaani watu wengi hutofautisha hivyo. Lakini Kiswahili sanifu hakijakubali umbo hilo, na hata kingalikubali, lisingalitusaidia kwa muda wa saa moja, kwani hakuna asemaye «masaa moja». Njia iliyo nyepesi ni mbili. Kwanza, muda utanguliwe na neno «muda»: muda wa saa nne. Pili, na hii ndiyo bora kwa ratiba, muda usiandikwe kabisa. Ziandikwe nukta zake mbili, ya kuanzia na ya kumalizia. «Chakula cha mchana, kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana.» Mpishi anataka kujua sufuria iepuliwe lini. Urefu wa mapumziko haumhusu.

Ijumaa inatuletea «saa 14:00». Saa kumi na nne haimo katika Kiswahili, wala hakuna atakayedhani ni jambo jingine zaidi ya saa nane mchana. Kwa hiyo peke yake haipotoshi. Madhara yake huyapata majirani. Mgeni aliyezoea nyaraka za Kifaransa, ambazo huhesabu siku nzima kwa saa ishirini na nne, akiiona 14:00 chini ya ukurasa hurudi juu na kujiuliza: je, 5:00 ya Jumatano nayo ni ya hesabu hii, yaani ni alfajiri? Namba moja ya mfumo wa kigeni hutia shaka namba zote za ukurasa. Tena neno «kuondoka» halikusema ni kuondoka wapi. Je, saa nane ndege inaruka, au gari linatoka nyumba ya wageni? Abiria wa safari ya nje hutakiwa awe uwanjani saa kadhaa kabla ya ndege kuruka, na tofauti hiyo yatosha kumwacha mtu. Ndege na itue au iruke. Gari na litoke. Wageni na wapokelewe. Vitenzi hivi tunavyo, na kila kimoja kina mahali pake.

Mfasiri anawezaje kuyatambua makosa ya saa kabla hayajaleta hasara? Ipo njia moja iliyo rahisi. Kila namba ya saa ina sehemu yake ya siku inayooana nayo. Saa moja hadi saa tano ni za asubuhi. Saa sita hadi saa tisa ni za mchana. Saa kumi hadi kumi na mbili ni za jioni. Saa moja hadi saa tisa hurudi tena kwa usiku. Ukiona «saa 7:00 asubuhi», «saa 1:00 mchana» au «saa 7:00 jioni», jua kwamba ndoa hiyo si halali: mtu amefasiri neno, akasahau kufasiri namba. Lakini njia hii ina mpaka wake. «Saa 8:00 usiku» yapita katika chujio hili bila kikwazo, nayo yaweza kuwa saa nane ya usiku wa manane, au saa mbili ya usiku ambayo mfasiri hakuitolea sita. Vivyo hivyo «saa 11:00 asubuhi», ambayo kwa wengine ni alfajiri na kwa mfasiri mvivu ni saa tano. Kwa saa za usiku na za alfajiri, jicho la msomaji halitoshi. Hapana budi kurudi kwenye tiketi. Na hata ukirudi, kumbuka kisa changu: namba yaweza kuwa sahihi na siku ikawa si sahihi.

Limebaki jina la mtu. Waraka uliandika «Mhusika», kisha jina la mkuu wa idara. Neno hili tunalijua kwa kazi mbili. Katika uhakiki wa fasihi ni mtu aliyemo katika hadithi. Ofisini ni yeyote ambaye jambo linamgusa. Hakuna katika hizo kazi mbili inayomwambia mgeni aliyekwama: huyu ndiye utakayempigia, naye ataitika. Jina la mkuu liliwekwa kwa heshima, kama tunavyoweka jina la baba katika kadi ya harusi. Lakini mkuu alikuwa amezima simu akalala, wala hakuna aliyemwambia kwamba usiku ule yeye ni mtu wa zamu. Isitoshe namba yake iliandikwa kwa kuanzia na sufuri, kama tunavyoandikiana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni mwenye laini ya Burundi akiipiga hivyo haimpati mtu wa Tanzania. Ilitakiwa ianze na +255.

Napendekeza tuseme «mwenyeji wa zamu». Mwenyeji ni neno linalofahamika na kila mtu, nalo humpa mgeni haki ya kuuliza. Zamu humfunga mwenyeji huyo kwa saa zake: anaanza lini, anamaliza lini, na nani anampokea. Jina la mkuu lisiondolewe. Likae juu, penye ukaribisho, ambako ndiko kwa heshima yake. Chini ya kila siku liwe jina la mtu ambaye atakuwa macho.

Kwa kanuni hizi chache, mstari uliotuaibisha ungalisomeka hivi:

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Ndege ya wageni sita kutoka Burundi itatua saa 7:10 usiku (tiketi: 01:10, tarehe 9). Gari liwe uwanjani saa 7:00 usiku. Chakula chepesi kitakuwa tayari nyumba ya wageni kuanzia saa 8:30 hadi saa 9:30 usiku. Mwenyeji wa zamu, kuanzia saa 4:00 usiku wa Jumanne hadi saa 2:00 asubuhi ya Jumatano: (jina kamili, namba inayoanza na +255).

Na ule wa Alhamisi:

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba. Gari litatoka nyumba ya wageni saa 1:00 asubuhi (07:00) na kufika Morogoro yapata saa 5:00 asubuhi (11:00). Chakula cha mchana chuoni kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana (13:00 hadi 14:00). Mwenyeji wa zamu: (jina kamili, namba, na saa za zamu yake).

Juu ya ukurasa ningaliongeza sentensi moja: «Saa zote ni za Tanzania, nazo zimetangulia za Burundi kwa muda wa saa moja.» Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini saa ya mkononi ya mzee haijirekebishi.

Najua baadhi ya wenzangu watapinga mambo mawili. Wa kwanza watasema kwamba mistari hii ni mirefu, na ratiba hupendeza ikiwa fupi. Kweli ni mirefu, zaidi ya mara tatu ya ile ya awali. Lakini kila mmoja waweza kukatwa na kupelekwa kwa dereva au mpishi bila kupoteza maana, na hicho ndicho kipimo chake. Wa pili watauliza kwa nini tusiache kabisa saa za Kiswahili katika nyaraka za kimataifa, tukaandika 01:10 na 13:00 peke yake. Nawajibu kwamba ratiba ya wageni haisomwi na wageni tu. Husomwa na dereva, mpishi na mlinzi, ambao ndio wanaoifanya iwe kweli, na hao huishi kwa saa za jua. Wanaotaka saa za Kiswahili pekee nao nawajibu kwamba tiketi haitabadilika kwa ajili yetu. Saa zote mbili ziandikwe, ya Kiswahili kwa maneno yake kamili na ya tiketi katika mabano, ili kila moja iishuhudie mwenzake. Zikitofautiana, karani atagundua akiwa bado mezani.

Istilahi tulizojadili hapa hazina ugeni. «Kuamkia», «wajumbe», «muda wa», «zamu»: hakuna hata moja inayohitaji kamati kuketi. Nilipoipitisha rasimu ile nilikuwa nikitafuta maneno ya kigeni ili niyaondoe, na kwa kuwa sikuyakuta nilitia saini. Sikujiuliza kila mstari utasomwa na nani, na saa ngapi. Mzee yule, tulipokuwa tukiagana Ijumaa, alinishika mkono akaniambia, «Mwanangu, Kiswahili chenu ni kizuri sana. Ila mara nyingine mtuandikie tutakula lini.»